Tatu-Sita Kwanza: Kadi ya Meno Inavyogeuzwa Kuwa Mpango wa Matibabu

Daktari wa meno akimchunguza mgonjwa huzunguka mdomo kwa njia ileile kila siku. Huanza na gego la mwisho juu kulia, hupita meno ya mbele hadi juu kushoto, hushuka chini kushoto, kisha hurudi mpaka chini kulia. Anayoyaona huyataja kwa sauti na msaidizi huyaandika. Kwa sababu hiyo kadi ya uchunguzi hufuata safari ya kile kioo kidogo chenye mpini, haifuati ukubwa wa ugonjwa. Jino linalomnyima mgonjwa usingizi linaweza kuwa katika mstari wa sita, na kijiufa kisicho na haraka kikaongoza orodha.

Hakuna anayetibu kwa mpangilio huo. Kadi sharti igeuzwe kuwa mpango: kila jino na mstari wake, kila mstari na daraja la uharaka, na mwishoni jibu la swali ambalo kila mgonjwa huuliza akiwa bado amelala kwenye kiti: nitakuja mara ngapi? Swali hilo si dogo. Kila hudhurio ni nauli, ni ruhusa ya kazini au duka lililofungwa asubuhi nzima, na mara nyingi ni pesa inayotolewa mfukoni siku hiyohiyo. Kugeuza kadi kunaonekana ni kazi ya ukarani, na kliniki nyingi humwachia daktari kijana au tabibu wa meno aliye mafunzoni. Kumbe hapo ndipo jino zima linapoweza kung'olewa kwa kosa la tarakimu moja.

Tuanze na tarakimu hizo. Namba za meno zinazotumika sehemu kubwa ya dunia zilikubaliwa na Shirikisho la Meno Duniani, FDI, mwaka 1970. Mdomo hugawanywa robo nne. Robo ya kwanza ni juu kulia kwa mgonjwa, ya pili juu kushoto, ya tatu chini kushoto, ya nne chini kulia. Ndani ya kila robo meno huhesabiwa kutoka katikati kwenda nyuma: 1 ni jino la mbele kabisa, 3 ni chonge, 6 ni gego kubwa la kwanza, 8 ni gego la mwisho. Tarakimu ya kwanza inataja robo, ya pili inataja jino. Gego kubwa la kwanza chini kushoto ni 36, na wenye kazi yao hulitamka tatu-sita, hawasemi thelathini na sita, ili anayeandika asikie robo na jino vikiwa mbalimbali. Kumbuka pia kwamba kulia na kushoto ni kwa mgonjwa. Mchoro wa meno huchorwa kana kwamba unamtazama mtu usoni, kwa hiyo kulia kwake kuko kushoto kwa karatasi.

Mfano nitakaoufuata nimeutunga mwenyewe, ila hakuna kitu ndani yake ambacho kliniki ya wilaya haikioni kila wiki. Mama wa miaka 47 mwenye kisukari, anayetumia vidonge, amekuja na maumivu ya chini kushoto. Ni siku ya nne, usiku halali, na meno yakikutana tu anaruka. Hana homa, hana uvimbe usoni, na mdomo unafunguka vizuri. Kadi yake, ikiandikwa kwa Kiswahili, inasomeka hivi:

17: ufa wa juu mweusi, haujatoboka. 16: kijazo cha zamani, ukingo wa nyuma umeachia, baridi anaisikia, inapotea mara moja. 11: pembe imekatika, haliumi. 24: mzizi tu umebaki, hauumi. 38: limechomoza nusu, fizi juu yake nyekundu. 36: tundu kubwa upande wa nyuma, likigongwa maumivu makali, baridi haisikii. 46: tundu dogo juu. Eksirei ya 26: kivuli kwenye ncha ya mzizi. Fizi: ugaga mwingi nyuma ya meno ya mbele chini, mifuko ya milimita 4 hadi 5 magegoni, kulia na kushoto. Mgonjwa anaomba jino la mbele litengenezwe.

Hatua ya kwanza ni kukusanya, bila kufikiria tiba. Kila jino lililotajwa hupewa mstari mmoja, na kila habari inayolihusu, iwe imetoka kwenye maumivu aliyoyaeleza mgonjwa, kwenye kioo, kwenye kipimo cha baridi au kwenye eksirei, huingizwa katika mstari huohuo. Hapa kosa la kadi hii linajitokeza lenyewe. Mstari wa 36 una malalamiko ya mgonjwa, una tundu, una maumivu ya kugongwa, lakini hauna eksirei. Mstari wa 26 una eksirei yenye kivuli lakini hauna kitu kingine: hakuna tundu, hakuna maumivu, hata daktari hakulitaja jino hilo alipopita juu kushoto. Jino lenye picha ya ugonjwa lakini lisilo na ugonjwa mdomoni ni dalili ya tarakimu iliyokosewa.

Anayeandika mpango haruhusiwi kuisahihisha kwa kukisia, hata kama jibu linaonekana wazi. Anapaswa kuichukua picha yenyewe na kuitazama. Gego la juu kwa kawaida lina mizizi mitatu, na juu ya mizizi hiyo huonekana sakafu ya tundu la hewa la shavuni. Gego la chini lina mizizi miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na chini yake hupita mfereji wa mshipa wa fahamu unaoonekana kama njia nyeusi yenye kingo mbili nyeupe. Picha ya mama huyu ina mizizi miwili na mfereji chini yake, kwa hiyo ni ya taya la chini. Daktari anapoonyeshwa hukata 26 kwa mstari mmoja, akaandika 36, tarehe na saini. Maandishi ya zamani hayafutwi, yaendelee kusomeka. Mpango ungeandikwa haraka, 26 lingeingia katika orodha ya meno ya kutibiwa mizizi, na jino zima lingetobolewa.

Tukiwa kwenye namba, kuna mtego mwingine unaowahusu ndugu zetu wanaoishi Marekani na kurudi na karatasi za huko. Marekani haitumii robo. Meno huhesabiwa 1 hadi 32 kwa mfululizo, kuanzia gego la mwisho juu kulia, kuzunguka juu, kisha kushuka chini kushoto na kurudi kulia. Gego tunaloliita 36 wao huliita 19. Hilo halina hatari kubwa, maana 19 haipo katika namba zetu na msomaji atashtuka. Hatari ni namba iliyopo pande zote mbili. Kwetu 24 ni gego dogo juu kushoto, na kwao 24 ni jino la mbele chini. Barua inayosema 24 ing'olewe inaweza kuwa na maana mbili zilizo mbali kabisa, na zote zikasomeka sawasawa. Ndiyo maana mpango mzuri huandika namba na jina kwa pamoja, kwa mfano "24, gego dogo la kwanza juu kushoto". Maneno hayo machache huziba mwanya ambao tarakimu peke yake huuacha wazi.

Hatua ya pili ndiyo inayorukwa mara nyingi, nayo ni kutofautisha kilichoonekana, maana yake, na kitakachofanywa. "Tundu kubwa" ni kilichoonekana. Hakisemi kama jino lizibwe, lisafishwe mizizi au ling'olewe. Kinachoamua ni hali ya kiini cha jino, ile nyama laini ya katikati ambayo watu huiita mshipa. Kwenye 36 mambo matatu yanakubaliana. Baridi haisikiki, maana yake kiini huenda kimekufa. Kugongwa kunauma, maana yake uvimbe umeshatoka kwenye jino na kufika kwenye tishu zinazolishika ndani ya mfupa. Eksirei ina kivuli kwenye ncha ya mzizi, na kivuli ni mahali ambapo mfupa umeliwa. Ushahidi wa aina tatu ukielekea upande mmoja, mstari unaweza kuandikwa bila wasiwasi: kiini kimekufa, maambukizi yako kwenye ncha ya mzizi.

Linganisha na 16. Baridi inasikika na kupotea mara tu kinapoondolewa kichokozi, kwa hiyo kiini bado kipo hai na kimetulia. Maana yake ni kijazo kilichoachia, na kuna uwezekano wa kuoza chini yake. Tiba ni kukitoa kijazo, kusafisha na kuziba upya. Ingekuwa baridi inaumiza na maumivu yanadumu dakika nzima au zaidi, mstari huu ungekuwa na maana nyingine kabisa, ingawa kwa macho jino ni lilelile.

Sasa tazama ambapo kadi imenyamaza. Kuhusu 46 hakuna kipimo cha baridi. Kuhusu mzizi wa 24 hakuna eksirei, na mzizi haung'olewi bila kujua urefu wake, umepinda vipi, na kama ncha yake iko karibu na lile tundu la hewa. Mwandishi wa mpango atatamani kujaza. Tundu dogo, kwa nini tusiandike kiini kiko hai? Asiandike. Aandike "baridi haijapimwa" na "eksirei bado", na mambo hayo mawili yawe kazi ya hudhurio la kwanza. Ukimya wa kadi ukigeuzwa kuwa jibu, anayesoma baadaye hawezi kujua kwamba hakuna aliyewahi kupima. Kwa maoni yangu hili ni kosa baya kuliko la tarakimu, kwa sababu la tarakimu huacha alama ya mgongano na hili haliachi chochote.

Kuhusu 38, mstari unaandikwa vilevile ingawa hakuna tiba kubwa inayokuja. Gego la mwisho lililochomoza nusu hubakiza kifuniko cha fizi juu yake, na chini ya kifuniko hicho chakula huingia na kukaa. Wekundu kidogo, bila usaha na bila kubana kwa taya, hutulizwa kwa kusafisha na kumfundisha mgonjwa kupitisha mswaki nyuma kabisa. Mstari wake usomeke: kusafisha, kisha kuangalia, na kung'oa kufikiriwe endapo uvimbe utarudiarudia au 37 lililo mbele yake litaanza kuoza upande wa nyuma. Neno "kuangalia" likiachwa bila masharti hayo halimwambii mtu kitu. Mwaka ukipita daktari mwingine atalisoma asijue alipaswa kuangalia nini.

Ndipo uharaka unapopangwa. Madaraja manne yanatosha. La kwanza ni maumivu, usaha na uvimbe. La pili ni ugonjwa unaoendelea kula jino au fizi hata kama hauumi. La tatu ni kurudisha umbo na kazi: kofia, meno ya bandia, jino lililokatika. La nne ni ya kuangalia. Nje ya madaraja yote kuna hali ambayo haisubiri mpango wa aina yoyote: uvimbe unaoteremka chini ya taya au shingoni, shida ya kumeza au kupumua, homa pamoja na uvimbe, mdomo usiofunguka. Huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Ndiyo maana kadi ya mama yetu imetaja kwamba hana homa, hana uvimbe na mdomo unafunguka. Maneno hayo ya "hana" ndiyo yanayotupa ruhusa ya kupanga kwa utulivu.

Daraja la kwanza lina jino moja tu, 36. La pili lina fizi, 16, 46 na mzizi wa 24. Ndani ya daraja hilo 16 linatangulia 46, kwa sababu kijazo cha zamani kilishachimba kuelekea kiini na kuoza kwa chini yake kumebakiza njia fupi. Fizi ziko hapa, hazikuachwa mwisho, na kisukari kinaongeza uzito wake. Sukari ikiwa juu fizi hupona polepole na ugonjwa wake huenda kasi, na ugonjwa wa fizi nao hufanya sukari iwe ngumu kutulia. Daraja la tatu lina kofia ya 36, kama jino litabaki, na pembe ya 11. La nne lina 17 na 38.

Kuhusu 11 kuna jambo la heshima. Mama aliomba jino la mbele litengenezwe, na kitabibu ndilo lisilo na haraka hata kidogo. Mpango unaolitupa mwishoni bila neno humfanya ahisi hakusikilizwa. Liandikwe mahali pake, na kando yake sababu: fizi zikiwa zinavuja damu, kijazo cha rangi ya jino hakishiki vizuri kwa kuwa gundi yake huhitaji pakavu, kwa hiyo fizi zisafishwe kwanza. Akielewa hivyo atasubiri.

Sasa tunafika kwenye idadi ya mahudhurio, na hapa wengi hukosea kwa kuhesabu mistari. Mistari minane si mahudhurio manane. Kinachopangwa ni upande wa mdomo, ganzi na muda wa kiti. Kwa taya la chini ganzi huwekwa nyuma, karibu na mahali mshipa wa fahamu unapoingia kwenye mfupa, na nusu nzima ya taya hufa ganzi pamoja na mdomo na mara nyingi ulimi wa upande huo kwa saa kadhaa. Kuitia pande zote mbili za chini siku moja huepukwa, maana mgonjwa hujing'ata bila kujua na hana upande wa kutafunia. Lakini juu na chini za upande mmoja zinaweza kufanywa pamoja. Kwa hiyo 16 na 46, moja juu na moja chini lakini yote kulia, hukaa katika hudhurio moja. Na 17, jirani wa 16, hufungwa ufa wake kwa dakika chache siku fizi za kulia zinaposafishwa, ingawa ni daraja la nne. Uharaka unasema kipi kisichelewe. Haukatazi kidogo kisicho na haraka kipandie gari linalopita.

Mpango wa mama huyu, tukichukua kwamba 36 linaokolewa, unakwenda hivi. Hudhurio la kwanza: 36 linatiwa ganzi, linafunguliwa, kiini kilichokufa kinatolewa, mifereji inasafishwa, dawa inawekwa ndani na jino linazibwa kwa muda. Siku hiyohiyo 46 linapimwa baridi na 24 linapigwa eksirei. Vidonge vya kuua vijidudu peke yake visichukue nafasi ya kazi hii, kwa kuwa kiini kilichokufa hakipitishi damu na dawa haifiki mahali vijidudu vilipojificha. Hudhurio la pili, baada ya wiki moja au mbili: mifereji inajazwa na jino linajengwa juu. Ni hudhurio refu, kwani gego hili kwa kawaida lina mifereji mitatu, wakati mwingine minne. La tatu: fizi za kushoto zinasafishwa kwa kina, 38 likiwemo, na kwa ganzi hiyohiyo ya kushoto mzizi wa 24 unang'olewa. La nne: fizi za kulia, pamoja na ufa wa 17. La tano: 16 na 46. La sita: 36 linachongwa na kuchukuliwa kipimo cha kofia, na 11 linajengwa. La saba: kofia inavishwa. La nane, miezi mitatu baada ya fizi kusafishwa: mifuko inapimwa tena, kwa sababu fizi huhitaji muda huo kujishika na haiwezekani kujua siku ileile kama tiba imefanya kazi.

Mahudhurio manane basi, lakini mpango usiandike 8 ukaishia hapo. Kuna mahali pawili ambapo njia inaweza kupanuka, na panajulikana mapema. La 36 likiwa bado linatoa majimaji siku ya pili, haliwezi kujazwa, dawa itabadilishwa na hudhurio moja litaongezeka. Kwenye 16, kijazo cha zamani kikishatolewa, kuoza kunaweza kukutwa karibu mno na kiini. Hapo jino huwekewa dawa ya kutuliza, likafungwa na kuangaliwa kabla ya kijazo cha kudumu, na hilo ni hudhurio jingine. Kwa hiyo mpango uandike "8 hadi 10" na sababu hizo mbili chini yake. Kiini cha 16 kikikutwa kimeshafikiwa, huo tena si mpango uleule. Mgonjwa aitwe na mstari wa 16 uandikwe upya.

Kisha kuna njia panda kubwa zaidi. Kuokoa 36 kunategemea jino lenye afya lililobaki baada ya sehemu iliyooza kutolewa. Kofia inahitaji ukuta wa jino wa kushika ukizunguka, wa milimita mbili hivi juu ya fizi. Hilo halijulikani mpaka jino lifunguliwe, na kwa tundu la nyuma linaloteremka chini ya fizi linaweza kukosekana. Wakati mwingine jino linaweza kuokolewa lakini gharama haiwezekani. Kwa sababu hiyo mstari wa 36 unapaswa kuwa na njia mbili tangu mwanzo, kila moja na hesabu yake. Likiokolewa ni 8 hadi 10. Liking'olewa, hudhurio la kwanza ni kung'oa, la pili ni fizi za kushoto na 24, la tatu ni fizi za kulia na 17, la nne ni 16 na 46, na la tano, baada ya miezi mitatu, ni kupima fizi na kujenga 11. Matano, na nafasi wazi chini kushoto ambayo ina mstari wake katika daraja la tatu: kuacha, jino la bandia la kuvua, au daraja.

"Kwa hiyo niking'oa, daktari, yote yanaisha kwa mara moja?" mama atauliza.

"Maumivu ya jino hili yataisha, mama. Fizi na lile la juu kulia bado utanijia."

Mazungumzo haya yanafaa kufanyika karatasi ikiwa mkononi mwake, sindano haijachomwa. Mtu mwenye maumivu ya siku nne atakubali chochote kitakachoyakomesha, na haki yake ni kuziona njia zote mbili zikiwa na idadi ya safari na gharama ya kila moja kabla hajakubali.

Kwa kisukari chake, mahudhurio yote yaandikwe asubuhi, akiwa amekula na kumeza dawa zake kama kawaida. Mstari wa juu kabisa wa mpango, juu ya meno yote, useme: kisukari, vidonge, pima sukari kabla ya kung'oa. Watu huweka habari hii nyuma ya karatasi au huiacha kwenye faili la zamani, na siku ya kung'oa daktari wa zamu anauona mpango tu. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye mzio wa penisilini, mjamzito, wote habari zao hukaa pale juu.

Kabla ya mpango kusainiwa kuna ukaguzi mfupi ninaousisitiza kwa kila anayeandika. Chukua kadi, weka kidole kwenye kila namba iliyotajwa, uitafute katika mpango. Kisha fanya kinyume: chukua mpango, kila jino lililo na tiba lirudishe kwenye kadi na utafute ushahidi wake. Safari ya kwanza hukamata jino lililosahaulika, kama 17 lisilo na maumivu. Safari ya pili hukamata jino lililoingia bila sababu, kama lile 26. Kazi nzima ni dakika tatu.

Limebaki jambo moja ambalo halimo kwenye kadi. Wagonjwa wengi huacha kuja pale maumivu yanapokwisha, na kwa mama huyu yatakwisha baada ya hudhurio la kwanza. Mpangaji anayelijua hilo hupanga ili popote mgonjwa atakapokomea, abaki salama kadiri inavyowezekana. Ndiyo sababu mifereji ya 36 inajazwa hudhurio la pili, kabla ya kugusa kitu kingine, ingawa kwa mpangilio wa pande ingekuwa rahisi kuanza na fizi za kushoto. Kijazo cha muda huvuja baada ya wiki chache, mate huingia, na mifereji iliyosafishwa huanza kuoza upya kimyakimya. Na gego lililotolewa kiini na kuachwa bila kofia linaweza kupasuka hadi mzizini kwa mfupa mmoja wa nyama, likawa la kung'oa baada ya kazi yote hiyo. Kwa hiyo chini ya mstari wa 36, kwenye nakala anayopewa mama, huandikwa kwa herufi kubwa tarehe mbili: ya mwisho ya kijazo cha muda, na ya mwisho ya kofia, pamoja na namba ya simu ya kliniki ya kupiga kama hataweza kufika.